Kinukta Cheupe Kwenye Skani ya Wiki ya 20

Wifi yangu alikwenda Dar es Salaam kumzika baba yake akiwa na mimba ya wiki 19. Kabla ya kurudi huku Uingereza alipita kwenye kituo kimoja cha altrasaundi, akapewa ripoti ya ukurasa mmoja. Mstari wa mwisho ulisema moyoni mwa mtoto kuna kinukta cheupe kinachoweza kuhusiana na sindromu ya Down. Siku tatu hakupata usingizi. Aliponionyesha karatasi ile, ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imeanza kuchanika kwenye mikunjo.

Kinukta kile ni mojawapo ya zinazoitwa alama hafifu. Alama hafifu si kasoro ya kiungo. Ni kitu kidogo kinachoonekana kwa watoto wengi wazima, ila zamani watafiti walikiona mara nyingi zaidi kidogo kwa watoto wenye kromosomu ya ziada. Hicho cha moyoni ni chembe za madini kwenye msuli mdogo unaoshikilia vali. Altrasaundi huchora mfupa kwa weupe, na chembe hizo nazo hung'aa vivyo hivyo. Moyo wenyewe unapiga sawasawa.

Huku, skani ya wiki ya 20 hufanywa kati ya wiki 18 na wiki 20 na siku 6, na huchukua kama nusu saa. Kazi yake ya kwanza ni kutafuta kasoro 11 zilizoainishwa, si kuhesabu vinukta. Mpimaji huanza kichwani, akashuka kwenye midomo, uti wa mgongo, moyo, kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, ukuta wa tumbo, figo, kibofu na mifupa mirefu. Mgongo wazi mara nyingi hujitangaza kichwani kabla haujaonekana mgongoni: ubongo wa nyuma huvutwa chini, fuvu likachukua umbo la limau, na ubongo mdogo wa kisogoni ukapinda kama ndizi.

Moyo ndio mgumu zaidi. Haitoshi kuona vyumba vinne, kwa sababu vinaweza kuwa vizuri kabisa huku mishipa mikuu miwili ikiwa imebadilishana mahali. Kwa hiyo mpimaji hufuata kila mshipa unapotoka. Ile miwili inapaswa kupishana. Ikienda sambamba kama reli, kuna tatizo. Hata hivyo kasoro nzito za moyo zinazokamatwa kwenye skani hii zimekadiriwa kuwa karibu nusu tu, wakati mgongo wazi hukamatwa takriban mara 9 kati ya 10. Na watoto wengi wenye sindromu ya Down huonekana kawaida kabisa. Ndiyo maana skani hii haiwezi kumhakikishia mama kwamba hali hiyo haipo, wala kinukta kimoja hakiwezi kumwambia kwamba ipo.

Wifi alikuwa amepimwa huku wiki ya 12, damu pamoja na ngozi ya shingo ya mtoto, akapewa uwezekano wa 1 kati ya 2,400. Hapa anayehesabiwa kuwa na uwezekano mkubwa ni wa 1 kati ya 150 au zaidi. Kinukta cha moyoni kikiwa peke yake hakiibadilishi hesabu hiyo. Kwa sababu hiyo wapimaji wa huku wameelekezwa wasikiandike, pamoja na vijifuko vya maji vya ubongoni ambavyo kwa kawaida hujifuta vyenyewe.

Zipo alama tano ambazo huandikwa na mama akapelekwa mbele: ngozi ya kisogo nene kupita milimita 6, vyumba vya maji vya ubongo vilivyozidi milimita 10, utumbo uliong'aa sawa na mfupa, mfuko wa mkojo ndani ya figo uliopita milimita 7, na mtoto mdogo mno kuliko umri wake. Hizi zina uzito kwa sababu zaidi ya kromosomu. Utumbo mweupe, kwa mfano, unaweza kuwa tu damu aliyoimeza mtoto, lakini pia unaweza kuwa maambukizi au kondo la nyuma lisilofanya kazi vizuri.

Nilimsindikiza wiki ya 20. Mtoto alikuwa amelala kifudifudi na moyo haukuonekana vizuri, wifi akaambiwa atembee kidogo, anywe maji baridi, arudi. Aliporudi, vyumba na mishipa vikaonekana. Aliuliza kuhusu kinukta.

“Nakiona, dada, lakini hakinipi neno la kukuambia,” mpimaji alimjibu.

Kisha akasimamisha picha kwenye figo ya kushoto: mfuko wa mkojo, milimita 8. Ripoti ya Dar ilikuwa imeandika figo mbili zipo, basi. Hofu yote ilikuwa moyoni, kumbe cha kufuatilia kilikuwa kwenye figo, na swali lenyewe lilikuwa la njia ya mkojo: je, mkojo unapita vizuri? Akapangiwa skani nyingine wiki ya 32. Siku hiyo ilipofika, mfuko ule ulipima milimita 6.