Kigae cha Bafuni Hupimwa kwa Mguu Mtupu

Ingia duka lolote la vigae pale Kariakoo, mwambie muuzaji unataka tailizi za bafuni zisizoteleza. Mara nyingi atageuza boksi, akuoneshe alama ya R9 na kusema, "Chukua hii, mama, haitelezi kabisa." Wengi hulipa na kuita bajaji. Tisa ni namba inayoridhisha kwa mtu anayedhani kipimo kinaanzia moja. Lakini kipimo hiki kinaanzia tisa na kuishia kumi na tatu. R9 ndilo daraja la chini kabisa, na kigae kinachoshindwa kulifikia hakipewi alama yoyote.

Ili ujue alama hiyo inakuahidi nini, inafaa ujue inavyopatikana. Kipimo cha R kilitungwa Ujerumani, kwa namba ya kiwango DIN 51130, kwa ajili ya sakafu za kazini: jiko la hoteli, karakana, kiwanda cha nyama. Vigae hubandikwa kwenye ubao mpana na kumwagiwa oili ya injini. Mtu aliyevaa buti za kazi, aliyefungwa mikanda asije akaumia, hutembea juu yake mbele na nyuma huku ubao ukiinuliwa polepole upande mmoja. Pale anapoanza kuteleza, mwinuko husomwa. Akiteleza kati ya nyuzi 6 na 10, kigae ni R9. Akivuka 10 hadi 19 ni R10, hadi 27 ni R11, hadi 35 ni R12, na zaidi ya hapo ni R13. Nyuzi 6 si mwinuko wa kutisha: ni kama kuuinua ubao wa urefu wa mita moja kwa sentimita 10 tu upande mmoja. Kigae kinaweza kuanza kuteleza hapo na bado kikauzwa kwa sifa ya R9.

Sasa angalia bafu lako. Hakuna anayeoga na buti, na hakuna oili ya injini sakafuni. Kuna unyayo mtupu, maji na povu la sabuni. Ngozi iliyolowa na soli ya mpira hazishiki sakafu kwa namna moja, ndiyo maana Wajerumani walitunga kipimo cha pili, DIN 51097, kwa ajili ya mabwawa ya kuogelea na mabafu. Ubao ni uleule wa kuinuliwa, ila mpimaji ni pekupeku na juu ya vigae yanatiririka maji yenye sabuni. Hapa majibu hutolewa kwa herufi. A hupewa kigae kilichovumilia kufikia nyuzi 12, B nyuzi 18, na C nyuzi 24. A inatosha mahali penye unyevu mdogo, kama chumba cha kubadilishia nguo. B ni ya mahali watu wanapooga. C ni ya ngazi za kushukia kwenye bwawa na sehemu zenye mteremko ambazo maji hayakauki.

Tangu 2021 vipimo hivi viwili vimekusanywa Ulaya katika kiwango kimoja, EN 16165, kwa hiyo usishangae ukiikuta namba hiyo kwenye karatasi ya maelezo badala ya zile za DIN. Herufi zenyewe zina maana ileile.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji si "hii inateleza?" Muulize: "Ina A, B au C?" Kwa bafu la nyumbani mimi sitashuka chini ya B, hasa kama ndani ya nyumba kuna mzee au mtoto mdogo. Na usikubali mtu akubadilishie R kuwa herufi kwa kukisia. Vigae vingi vya R11 hufika B, lakini vipimo ni viwili tofauti na kimoja hakizai kingine. R10 moja inaweza kufaulu B na R10 nyingine ikaishia A.

Tatizo ni kwamba maboksi mengi ya bei tunazozimudu hayana herufi hizo kabisa. Utakuta ukubwa, rangi, daraja la ubora, na pengine PEI yenye namba kuanzia I hadi V. Hiyo PEI wauzaji huitaja sana kana kwamba inahusu utelezi. Haihusu. Inaeleza jinsi uso wa kigae unavyostahimili kuchakaa kwa kukanyagwa na michanga. Kigae cha PEI V kinaweza kung'aa kama kioo na kukuangusha siku ya kwanza.

Alama isipokuwepo, mkono na mguu wako vinaweza kusema mengi, ukielewa kinachotokea unapoteleza. Maji ya sabuni yakitandaa juu ya kigae laini, unyayo haugusi kigae tena, unaelea juu ya utando mwembamba. Kinachookoa ni vinundu vidogo sana vya uso wa kigae vinavyoutoboa utando huo na kuishika ngozi. Wataalamu wa usalama kazini wa Uingereza huchukulia kwamba kwenye sakafu yenye maji, ukwaruzo wa uso ukifika mikroni 20 hatari ya kuteleza hupungua sana, na ukiwa chini ya 10 hatari ni kubwa. Mikroni 20 ni chini ya unene wa unywele, lakini ncha ya kidole inauhisi: pitisha kidole kikavu taratibu juu ya kigae, na kitaonekana kinakwamakwama kidogo, kama juu ya msasa uliochoka.

Hapa ndipo watu wengi hudanganywa na macho. Kuna vigae vyenye mapambo ya mawimbi, kokoto au mistari iliyoinuka, na mtu huvichukua akiamini kwamba mabonde yale ndiyo yanayozuia utelezi. Kiinue kigae kama hicho kwenye mwanga wa dirisha, kiinamishe, uangalie vilele vya mawimbi. Kama vinang'aa, unyayo wako utakaa juu ya vilele hivyo laini na pambo lote halitakusaidia. Kigae kisicho na pambo lolote, kilichofifia na chenye ukwaruzo mdogo wa sawasawa, mara nyingi kinashika kuliko hicho.

Usipime kigae kikiwa kikavu dukani. Hata kile kinachong'aa sana hushika vizuri kikiwa kikavu. Nunua kimoja kimoja cha aina mbili au tatu, nenda navyo nyumbani, vioshe kuondoa vumbi na nta ya kiwandani, uvilaze juu ya mchanga ili visisogee. Mwagia maji yenye sabuni kidogo. Kaa kwenye kigoda, usisimame, kanyaga kwa kisigino na usukume mbele. Weka pembeni kipande cha kigae cha sebuleni kinachong'aa ukilinganishe. Hutapata namba, lakini tofauti utaihisi mguuni.

Tuchukue bafu la kawaida la mita 1.5 kwa 2.4, choo kikiwa humohumo, watu wanaogea ndoo au shawa, na siku nyingine nguo zinafuliwa humo. Hakuna pembe ya kubaki kavu, kwa hiyo usigawe sakafu kwa aina mbili za vigae. Weka kigae cha kuogea chumba kizima. Eneo ni mita za mraba 3.6. Kwa vigae vya sentimita 30 kwa 30, unahitaji 40, na ukiongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika unanunua 44.

Kwa nini 30 kwa 30, wakati fasheni ni 60 kwa 60? Sababu ya kwanza ni mteremko. Maji yanayosimama ndiyo yanayolea utelezi, na ili yaondoke sakafu inahitaji kushuka kama sentimita 1.5 kwa kila mita kuelekea tundu la kutolea maji. Tundu likiwa ukutani mwa mwisho, mita 2.4 kutoka mlangoni, tofauti ya kimo ni sentimita 3.6, na sakafu inashuka upande mmoja tu. Hapo hata kigae kikubwa kinakaa. Lakini tundu likiwa katikati, sakafu inatakiwa kushuka kutoka pande nne. Kigae kikubwa hakipindi. Fundi atalazimika kukikata mshazari, au atakilaza tambarare na kuacha maji yakisimama. Sababu ya pili ni kwamba vigae vidogo vina mistari mingi ya grauti, na mistari hiyo nayo huukwaruza unyayo na kupitisha maji. Kabla fundi hajabandika, mwambie aweke pimamaji mbele yako, kisha amwage ndoo ya maji juu ya zege. Dimbwi likibaki, arekebishe zege kwanza. Gundi haitaficha kosa hilo.

Kuna sehemu moja inayosahaulika karibu kila nyumba: hatua ya kwanza nje ya mlango wa bafu. Mtu anatoka na miguu inayochuruzika anakanyaga kigae cha korido kinachong'aa, na anaanguka hapo, si bafuni. Endeleza kigae cha bafuni nusu mita nje ya mlango, au weka zulia dogo zito lenye mpira chini.

Kigae kizuri kikishabandikwa bado kinaweza kupoteza mshiko wake. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo nyumba nyingi za Dar es Salaam hutumia, hukutana na sabuni na kuacha utando mweupe unaojaza vile vinundu vidogo. Sakafu inayoonekana safi inaanza kuteleza, na watu husema kigae kimeisha. Hakijaisha, kimezibwa. Brashi ngumu na sabuni ya unga kila wiki, kisha maji mengi ya kusuuza, huurudisha mshiko. Tambara peke yake halifiki kwenye vinundu. Asidi kali za kusafishia choo ziache mbali, kwa sababu zinaila grauti, na usipake nta wala dawa ya kung'arisha.

Kwa wapangaji na wale ambao sakafu yao inayong'aa tayari iko pale, kuna dawa za asidi zinazokwaruza uso wa kigae. Matokeo yake hutegemea aina ya kigae, na baadhi zina asidi ya hidrofloriki, ambayo hudhuru mwili hata kwa kupenya ngozini, kwa hiyo si kazi ya kufanya mwenyewe. Mkeka wa mpira wenye vikombe vya kunata ni nafuu zaidi, na vikombe vyake hushika vizuri kwenye kigae laini kuliko kwenye chenye ukwaruzo. Uutandaze sakafu ikiwa imesuuzwa, uubonyeze kote, na baada ya kuoga uuinue na kuutundika. Ukiachwa chini, sabuni hujikusanya chini yake, na kesho yake unasogea na mtu akiwa juu.