Kona ya kutulia si jela ya watoto

Umewahi kuona mtoto wa miaka 4 akinyang'anywa gari lake la kuchezea? Anapiga mayowe, anajitupa sakafuni, na aliye karibu anang'atwa. Kwenye kituo kidogo cha kulelea watoto cha shangazi yangu, Kayole, kuna kavulana kalifanya hivyo karibu kila siku kabla ya uji wa saa nne. Tukikaambia "tulia!" kanazidisha. Hebu jiulize, wewe ukiwa na hasira, umewahi kutulia kwa kuambiwa tulia?

Basi tukatengeneza kona: mkeka, mito miwili na katoni kubwa iliyokatwa iwe ukuta mfupi. Iko mbali na mlango na kelele, lakini ticha anaiona.

Ukutani, usawa wa macho ya mtoto aliyeketi, tulibandika picha nne za manila. Ya kwanza, mtoto ameketi. Ya pili, ua na mshumaa: nusa ua, puliza mshumaa, mara tano. Ya tatu, mtoto anakumbatia mto. Ya nne ni nyuso tatu: hasira, huzuni na sawa. Mtoto anaonyesha kwa kidole vile anavyojisikia.

Watu wengi hukosea hapa: wanaanza kufundisha mtoto akishawaka. Wakati huo maneno hayaingii. Sisi tulifanya mazoezi wiki nzima baada ya uji, kila mtu akiwa poa.

Kosa letu lilikuja baadaye. Msaidizi mmoja alizoea kusema, "Nenda kona!" Punde watoto wakaanza kutishana: "Utapelekwa kona!" Ukisikia hivyo, jua kona imeshakuwa adhabu. Tukabadilisha: "Twende tukae pamoja?" Akikataa, halazimishwi, mtu mzima anakaa karibu naye. Akiwa ameng'ata mwenzake, kwanza tunawatenganisha na kumhudumia aliyeumia. Mambo ya gari tunayarudia wote wakishatulia.

Wiki ya tatu, kavulana kalienda kenyewe, kakapuliza mshumaa wake, kakaonyesha uso wa huzuni. Lakini hasira za kabla ya uji hazikuisha mpaka tulipousogeza uji hadi saa tatu unusu. Kona haishibishi mtoto mwenye njaa.

Halafu mzazi mmoja akauliza kwa nini mwanawe "anafungiwa kwa katoni". Alikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu hatukuwa tumemwambia. Siku hiyo tukatuma barua hii, nawe unaweza kuinakili:

"Mzazi mpendwa, darasani tuna kona ya kutulia. Mtoto akiwa na hasira au huzuni anaweza kukaa hapo dakika chache, kupumua polepole, kisha arudi kwa wenzake. Si adhabu, hafungiwi, na mwalimu humwona wakati wote. Nyumbani unaweza kumwambia: nusa ua, puliza mshumaa. Tafadhali tuambie ni nini humtuliza, na ikiwa hakulala au hakula vizuri. Karibu uje uione."