Ndoto ya Kuanguka Ilikujia Saa Ngapi?

Umezima taa, lepe la usingizi limekuchukua, mara unakanyaga ngazi isiyokuwepo. Mguu unaruka, kitanda kinatikisika, moyo unadunda. Aliyelala kando yako anauliza kuna nini, nawe huna la kumwambia ila kwamba ulikuwa unaanguka.

Utotoni tuliambiana kwamba ukiota unaanguka na ukafika chini kabla ya kuamka, huamki tena. Si kweli. Wako watu waliofika chini ndotoni, wakajipangusa vumbi, ndoto ikaendelea. Lakini mara nyingi tunaamka kabla ya kufika, na watu hukimbilia kuuliza ndoto hiyo ina maana gani. Mimi nimejifunza kuuliza kwanza ilikuja saa ngapi, kwa sababu kuanguka kwa saa tano usiku na kuanguka kwa saa kumi alfajiri ni mambo mawili tofauti.

Tuanze na kule kwa mapema, kunakotokea katika usingizi wa mang'amung'amu, dakika chache baada ya kujilaza. Ubongo hauzimwi mara moja kama taa. Sehemu inayotuweka macho hukabidhi zamu taratibu kwa sehemu inayotulaza, na katika makabidhiano hayo misuli inalegea na pumzi zinapungua kasi. Wakati mwingine makabidhiano yanakwenda kombo. Shina la ubongo, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo, linafyatua amri ya ghafla kwenye misuli ya miguu na mikono, na mwili mzima unaruka. Wataalamu wa usingizi wanakadiria kwamba watu sita hadi saba katika kila kumi wamewahi kupatwa na mruko huo. Hauna madhara. Huongezeka kwa aliyekunywa kahawa jioni, aliyekosa usingizi siku kadhaa, aliyefanya mazoezi mazito usiku, au aliyelala na mawazo mengi.

Sasa, kipi hutangulia, ndoto au mruko? Tunavyokumbuka sisi, tuliteleza kwanza, ndipo tukashtuka. Huenda ni kinyume. Mfaransa Alfred Maury, aliyechunguza ndoto zake mwenyewe na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1861, alisimulia kwamba aliota yumo katika Mapinduzi ya Ufaransa. Alishtakiwa, akahukumiwa, akapelekwa kwenye mashine ya kukata vichwa, na wembe uliposhuka akaamka. Akakuta kipande cha kitanda kimemwangukia shingoni. Kisa kirefu chote kile kilionekana kumalizikia penye pigo, ilhali pigo ndilo lililokizaa. Wapo waliomtilia shaka, kwa kuwa aliyaandika hayo muda mrefu baada ya kuota. Hata hivyo jambo lenyewe linajulikana kwa yeyote aliyewahi kuisikia kengele ya saa ikigeuka kuwa kengele ya shule ndotoni. Akili iliyosinzia ikipata mshtuko huutafutia sababu upesi, na mguu unaporuka penye misuli iliyolegea, sababu iliyo karibu zaidi ni kwamba umeteleza. Kwa hiyo kuanguka kwa saa tano usiku hakuna siri ya kufichua. Kunazungumzia zaidi kahawa yako kuliko maisha yako.

Kule kwa alfajiri kuna asili nyingine. Mwaka 1953, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman, walieleza aina ya usingizi ambamo macho huchezacheza chini ya kope na ambamo watu wakiamshwa husimulia ndoto zilizo wazi. Usingizi huo huja mara ya kwanza baada ya kama dakika 90, kisha hurudi tena na tena, na kila unaporudi hukaa zaidi. Ndiyo maana ndoto ndefu huja karibu na kupambazuka. Katika saa hizo misuli imefungwa, huwezi kukimbia wala kushika kitu kwa kweli, huku vituo vya ubongo vinavyopokea habari za mizani ya mwili kutoka sikio la ndani vikichangamka. Mwili umelala bapa lakini ubongo unapokea ishara za mwendo. Hapo kuanguka kunaweza kuota mizizi, kukawa na mahali, watu na kisa.

Mbona basi tunaamka katikati? Hofu ya ndotoni ni hofu kamili. Sehemu za ubongo zinazoshughulikia hofu hufanya kazi kwa nguvu, mapigo ya moyo yanapanda, na yakipanda vya kutosha usingizi unavunjika. Kuna na sababu ya pili, nayo ni ya kumbukumbu. Ndoto isiyokuamsha husahaulika kwa urahisi. Huenda umeanguka mara nyingi ukatua salama bila kujua, na zilizobaki akilini ni zile tu zilizokukurupua.

Watafiti wa Kanada waliwauliza wanafunzi wa vyuo vikuu zaidi ya elfu moja, na mwaka 2003 wakaandika kwamba karibu robo tatu yao waliwahi kuota wanaanguka. Jambo la kawaida kiasi hicho haliwezi kuwa na tafsiri moja. Freud alilihusisha anguko la mwanamke ndotoni na kushindwa na tamaa, na kwangu hilo linasema mengi juu ya enzi zake kuliko juu ya wanawake. Watafiti wengi wa siku hizi wanashika hoja nyepesi zaidi, kwamba ndoto huendeleza yale yanayotushughulisha mchana. Anayeanguka hana pa kushika wala pa kukanyaga, na kila kitakachotokea kiko nje ya mikono yake. Anayeishi hivyo mchana ana malighafi tosha ya usiku.

Nilipomdhamini ndugu yangu mkopo wa kikoba, nilianza kuanguka kisimani. Niliweka daftari kando ya mto, nikaandika saa na yaliyotangulia. Katika wiki tatu nilishtuka mara tisa. Sita zilikuwa za usiku wa mapema, mguu tu bila kisa, na tano kati ya hizo nilikuwa nimekunywa kahawa barazani. Tatu zilikuja alfajiri, kisima kilekile, na zote kabla ya siku ya marejesho. Hizo tatu ndizo nilizozitilia maanani.

Ipo njia iliyopimwa ya kushughulikia ndoto za kutisha zinazojirudia, na daktari Barry Krakow wa Marekani ni mmoja wa walioipima. Ukiwa macho, unaiandika ndoto, unaibadilisha upendavyo, kisha unaipitia hiyo mpya akilini dakika chache kila siku. Niliweka kamba kisimani. Lakini njia hiyo si ya mtu anayepiga mateke, kupiga kelele au kujirusha kitandani kweli akiigiza ndoto, hasa akiwa na umri mkubwa. Hapo kile kifungo cha misuli kimelegea, na yaweza kuwa dalili ya mapema ya ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Huyo aonwe na daktari.

Ndugu yangu alimaliza deni mwezi wa nne. Ndoto ilikuwa imekoma muda mrefu kabla, wiki ile nilipoanza kwenda mwenyewe mkutanoni, nikakaa karibu na mweka hazina na kusikia marejesho yakisomwa.