Filamu Nzima kwa Shoti Moja

Tarehe 23 Desemba 2001, Makumbusho ya Hermitage mjini Sankt Peterburg ilifungiwa wageni ili mwongozaji Aleksandr Sokurov apige filamu yake, Safina ya Urusi, kwa shoti moja isiyokatwa. Ina dakika 96.

Zamani jambo hilo lisingewezekana. Mkanda wa filamu ulimalizika baada ya dakika kumi hivi, ndiyo maana Hitchcock, katika filamu yake ya mwaka 1948 kuhusu mauaji na kamba, alipitisha kamera nyuma ya mgongo wa mtu ili kuficha mahali alipobadilisha mkanda. Sokurov alirekodi kidijitali kwenye diski yenye nafasi ya dakika 100, iliyobebwa na msaidizi aliyemfuata mpigapicha kila alikokwenda.

Mpigapicha huyo, Mjerumani Tilman Büttner, alijifunga kamera mwilini kwa fulana yenye mkono wa springi unaozuia picha isitikisike, akapita vyumba 33. Kwa kuwa kamera iligeuka pande zote, taa zilipaswa kufichwa, na wahudumu wote walilazimika kuhama nayo, wakibaki mgongoni mwake.

Mazoezi yalichukua miezi. Katika kazi ya namna hii huanza watu kutembea njia nzima bila kamera: mlango upi ufunguliwe kabla ya kufikiwa, nani ajibanze ukutani kupisha, mpigapicha asimame wapi apumue bila mtazamaji kugundua. Mwigizaji wa chumba cha ishirini hana saa ya kumwambia zamu yake imefika. Anaangalia kamera inavyomkaribia. Sokurov alikuwa na nafuu moja kubwa: sauti ilitengenezwa baadaye, hivyo maelekezo yaliweza kutolewa kwa mdomo huku kamera inazunguka.

Hata hivyo, jaribio la kwanza liliharibika dakika ya tano. Mawili yaliyofuata nayo yakashindikana. Betri zikabaki na nguvu ya kujaribu mara moja tu, na mwanga wa mchana mfupi wa baridi ulikuwa unakwisha.

Kosa la dakika ya tano lina nafuu: unawarudisha watu wachache wa mwanzo, unaanza upya. Kosa la dakika ya themanini linafuta yote yaliyotangulia. Na hapo ndipo Sokurov aliweka dansi ya ikulu, yenye mamia ya watu na okestra ya Mariinsky, wakati Büttner amekwisha kuchoka na uzito. Mimi nauona huo kuwa ujasiri uliokaribia kamari, ingawa una hesabu yake: umati ulikaa tayari ukumbini mwake bila kuvurugwa na makosa ya mwanzo.

Jaribio la nne lilifika mwisho. Baadaye kompyuta ilirekebisha rangi na fremu za picha, kwa hiyo si kweli kwamba kila unachokiona kilitoka hivyo kwenye kamera. Lakini shoti yenyewe haikukatwa popote.