Kwa Nini Pumzi ya Mwenye Njaa Hunuka Asetoni

Mtu akikaa siku mbili bila kula, pumzi yake huanza kutoa harufu inayofanana na ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Hiyo ni asetoni, na imetokana na mafuta ya mwili wake mwenyewe. Ini limeyavunja mafuta hayo, lakini halikuyachoma yote hadi mwisho. Kisa hiki kinaanzia kwenye mzunguko wa asidi sitriki.

Mwaka 1937, katika Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, Hans Krebs na mwanafunzi wake William Johnson walisaga msuli wa kifua cha njiwa na kuutilia oksaloasetati, kampaundi yenye kaboni nne. Msuli ule ukatengeneza sitrati, yenye kaboni sita. Hapo Krebs akaiona njia nzima ikijifunga kuwa duara.

Duara hilo limo ndani ya mitokondria. Wanga na mafuta yakivunjwa hufika hapo yakiwa asetili-KoA, iliyobeba kaboni mbili. Oksaloasetati huzipokea na sitrati huundwa. Sitrati hupangwa upya kuwa isositrati. Isositrati hupoteza kaboni moja, inayotoka kama kabonidayoksaidi, na kubaki alfa-ketoglutarati yenye kaboni tano. Hii nayo hupoteza kaboni moja na kuwa suksinili-KoA, yenye nne. Kuanzia hapo hakuna kaboni inayotoka: suksinili-KoA huwa suksinati, kisha fumarati, kisha malati, na mwishowe oksaloasetati hurudi ilivyokuwa. Kaboni mbili zimeingia, mbili zimetoka. Nishati iliyovunwa njiani hubebwa zaidi na NADH, na kila mzunguko huuwezesha mwili kutengeneza takribani ATP 10.

Oksaloasetati, basi, ni kama ndoo ya kisima: huteka na kurudi kuteka tena, kwa hiyo kiasi kidogo kinatosha. Ila ndoo ikiondolewa, maji hayatekeki hata kisima kikijaa.

Mwendo wa mzunguko hufuata mahitaji ya seli. Msuli ukifanya kazi, ATP hutumika na ADP huongezeka. ADP huchochea kimeng'enya kinachoivunja isositrati, na madini ya kalsiamu yanayoukaza msuli hukichochea pia. Seli ikipumzika, NADH hulundikana na kuvizuia vimeng'enya vya hatua zinazotoa kabonidayoksaidi. Kimeng'enya cha kwanza, kinachounda sitrati, kinategemea sana kiasi cha oksaloasetati kilichopo.

Tatizo ni kwamba mzunguko huu ni karakana pia. Sitrati hutoka mitokondria kwenda kutengenezewa mafuta. Alfa-ketoglutarati hugeuzwa kuwa asidi amino. Suksinili-KoA huanzisha utengenezaji wa hemu, sehemu ya himoglobini inayobeba oksijeni kwenye damu. Na katika ini, oksaloasetati hutumika kutengeneza glukosi.

Sasa turudi kwa mwenye njaa. Akiba ya wanga kwenye ini lake imekwisha, na ubongo bado unadai glukosi. Ini huvunja mafuta kwa wingi ili lipate nguvu, na kazi hiyo huzalisha NADH nyingi. NADH hizo huisukuma oksaloasetati irudi kuwa malati, na malati hutoka mitokondria kwenda kutengenezewa glukosi. Asetili-KoA inazidi kumiminika, lakini wa kuipokea amepungua.

Asetili-KoA iliyolundikana hukiamsha kimeng'enya kinachojaza pengo, ambacho huibadilisha piruvati kuwa oksaloasetati. Lakini piruvati haiwezi kutoka kwenye mafuta. Sehemu kubwa hutokana na asidi amino za misuli, ndiyo maana njaa ya muda mrefu hukondesha misuli. Mafuta yenyewe hayawezi kuongeza oksaloasetati, kwa kuwa kila kaboni mbili zinazoingia hulipwa kwa mbili zinazotoka.

Asetili-KoA iliyobaki ini huigeuza kuwa ketoni na kuziachia damu. Ini lenyewe haliwezi kuzichoma, maana halina kimeng'enya cha kuzirudisha kuwa asetili-KoA. Moyo, misuli na ubongo wanacho, nao huzitumia. Ketoni kidogo hugeuka asetoni na kutoka kwa pumzi.

Kwa mtu mzima mwenye afya, insulini iliyobaki huzuia ketoni zisipite kiasi. Mgonjwa wa kisukari aliyekosa insulini hana kizuizi hicho. Mafuta huvunjika bila breki, ini hutengeneza glukosi ingawa damu imejaa sukari, na ketoni huifanya damu kuwa na asidi. Akianza kutapika, kuhema kwa nguvu na kutoa harufu ile, apelekwe hospitali papo hapo: anahitaji insulini, maji na uangalizi wa daktari.