Shimo Nyuma ya Fundi

Ukisafiri kwa basi kati ya Moshi na Arusha, nguzo za umeme kando ya barabara zinapita mbio, mashamba ya mahindi yanapita polepole, na Kilimanjaro haibanduki. Macho huisoma tofauti hiyo ya mwendo kuwa ni umbali. Picha mnato haina tofauti hiyo. Ukiisogeza, kila kilichomo kinasogea kwa kipimo kimoja. Ili ipate kina, sharti ikatwe vipande, na kila kipande kipewe mwendo wake.

Wachoraji wa Walt Disney walifanya hivyo mwaka 1937 katika filamu fupi ya The Old Mill, kwa kamera iliyotazama chini kupitia vioo vilivyopangwa ghorofa-ghorofa, kila kioo na mchoro wake. Mwaka 2002, The Kid Stays in the Picture, filamu ya maisha ya mtayarishaji Robert Evans, ilizifanyia hivyo picha za zamani, na mbinu hiyo ikazoeleka katika filamu za maisha ya watu.

Tuchukue picha ya fundi wa majahazi aliyesimama ufukweni Nungwi, Unguja. Nyuma yake lipo jahazi ambalo halijakamilika, na nyuma ya jahazi ni bahari na anga. Hizo ni leya tatu. Fundi anakatwa kwa kufuata ukingo wa mwili wake, kwa Photoshop au kwa GIMP, ambayo ni ya bure. Ameshika kiuno, basi ule uwazi kati ya mkono na ubavu nao utobolewe, la sivyo kipande cha jahazi kitanasa pale na kutembea naye. Ukingo wenyewe uingizwe ndani pikseli moja au mbili, kwa sababu nywele na mabega hubeba weupe wa anga, na weupe huo ukipita juu ya mbao nyeusi unaonekana kama uzi.

Sasa pale alipokuwa fundi pamebaki shimo. Wengi hukata tamaa hapa, wakidhani watalazimika kuchora upya sehemu yote ya jahazi iliyofichwa na mwili wake. Si lazima, na hesabu yake ni nyepesi.

Katika After Effects au Blender, leya zinapangwa mbele ya kamera ya kubuni: fundi umbali wa 2000, jahazi 3000, bahari 6000. Kitu kikisogezwa mbali huonekana kidogo, kwa hiyo jahazi linakuzwa hadi asilimia 150 na bahari hadi 300, na picha inaonekana tena vile vile ilivyopigwa. Kisha kamera inasogezwa pembeni. Fundi akihama pikseli 90, jahazi linahama 60 na bahari 30. Tofauti kati ya fundi na jahazi ni 30, nao ndio upana wa ukanda utakaofichuka ubavuni mwake, tena upande mmoja tu. Kichwani, ambako nyuma yake ni bahari tupu, ni 60. Unaziba ukanda huo na ziada kidogo, kwa kunakili mbao za jirani huku ukifuata mstari wa kila ubao. Katikati ya shimo hapafikiwi na jicho la mtu yeyote.

Kuna njia ya mkato zaidi. Fundi akiwa katikati ya fremu, kamera isiende pembeni, isonge mbele. Ikisonge 200, fundi anakua kwa asilimia 11, jahazi 7, bahari 3 hivi. Anakua kuliko vilivyo nyuma yake, kwa hiyo anazidi kuvifunika na shimo karibu lote halionekani. Kamera ikirudi nyuma, mambo yanageuka, na uzembe wote unaanikwa. Mwendo wenyewe uwe mdogo na wa taratibu. Ukizidishwa, fundi anageuka kadibodi iliyosimikwa mchangani.

Kwa picha ya habari, mimi ningeuacha mchezo huu. Ukanda ule uliozibwa ni ubao ambao kamera haikuuona.

Panaposhinda wengi ni miguuni. Mchanga alioukanyaga fundi unaendelea bila kukatika hadi kwenye jahazi, wakati leya zimeutenganisha kana kwamba ni ukuta. Kamera ikisogea, nyayo zinateleza juu ya mchanga na kivuli kinamkimbia mwenyewe. Dawa ni kuufanya mchanga leya ya nne, iliyolazwa kama sakafu kuanzia nyayo za fundi hadi chini ya jahazi, na kivuli kiachwe humo, kisikatwe pamoja na mwili. Kazi hiyo inachukua muda kuliko zote zilizotangulia. Kama picha inaruhusu, fremu ikatwe juu ya magoti.