WA ipi, 18 ipi? Namna ya kujua anwani ni ya nchi gani

Tuseme kikundi cha akina mama wanaosuka vyondo mjini Wote, Kaunti ya Makueni, kimepata oda mbili kutoka ng'ambo. Ya kwanza inasema "Albany, WA 6330", ya pili "Vancouver, WA 98660". Hakuna iliyotaja nchi, na katibu wa kikundi anatakiwa kujaza fomu ya posta.

WA ni kifupisho cha jimbo la Washington nchini Marekani, na vilevile cha Australia Magharibi. Kila nchi ilijitungia vifupisho vya kutumia ndani ya mipaka yake, na humo havigongani. Vinagongana pale anwani inapovuka mpaka bila jina la nchi.

Katibu akiamua kwa jina la mji peke yake, atapotea mara mbili. Albany iliyo maarufu ni makao makuu ya jimbo la New York, na Vancouver iliyo maarufu iko Kanada. Ni afadhali aanze na msimbo wa posta. Wa Australia una tarakimu nne, na katika Australia Magharibi huanza na 6. Wa Marekani una tarakimu tano, na katika jimbo la Washington huanza na 98 au 99. Wa Kanada huchanganya herufi na tarakimu. Basi oda ya kwanza ni ya Australia, ambako kweli kuna Albany kusini mwa Perth. Ya pili ni ya Marekani, maana jimbo la Washington nalo lina mji uitwao Vancouver. Mji, kifupisho na msimbo vimekubaliana, kwa hiyo anaweza kujaza fomu bila wasiwasi.

Tatizo ni kwamba idadi ya tarakimu haitoshi siku zote. Misimbo ya Kenya nayo ina tarakimu tano: Kitui ni 90200, Makueni 90300, Mwingi 90400. Nchini Marekani, misimbo inayoanza na 902, 903 na 904 ni ya eneo la Los Angeles. Mfumo wa kompyuta unaotazama namba tu unaweza kuipeleka barua ya Kitui California na kuijazia kifupisho CA. Hapo kosa linaweza kuzaa kosa, kwa sababu CA katika orodha ya kimataifa ya nchi ni Kanada. Dawa yake ni kutazama mpangilio. Mkenya huandika namba ya sanduku, kistari, msimbo, kisha mji: S.L.P. 123-90200, Kitui. Mmarekani hutanguliza mji na jimbo, msimbo ukaja mwisho.

Kenya haina vifupisho rasmi vya herufi mbili vya kaunti vinavyoandikwa kwenye bahasha. Kiwango cha kimataifa cha ISO 3166-2 kimezipa kaunti namba kwa kufuata alfabeti: Kitui ni KE-18, Makueni KE-23. Tanzania nayo inatumia namba, ambapo TZ-18 ni Mwanza na TZ-23 ni Singida. Mtu akinakili orodha na kuacha KE au TZ ili kubana nafasi, Kitui na Mwanza zinakuwa kitu kimoja.

Hata ndani ya Kenya namba hizo zina mshindani. Jedwali la Kwanza la Katiba ya 2010 linaanzia pwani, Mombasa ikiwa namba 1. Humo Kitui ni 15 na Makueni ni 17, ilhali 18 ni Nyandarua na 23 ni Turkana. Kwa hiyo kujua kwamba nchi ni Kenya hakumalizi kazi. Ni lazima ujue orodha ipi ilitumika. Itafute Nairobi: ikiwa ni 30, orodha ni ya ISO, ikiwa ni 47, ni ya Katiba. Garissa haitakusaidia, kwa kuwa ni 7 kote kuwili.

Kwa anayesafisha daftari la wateja, utaratibu ni huu. Kama nchi imetajwa, ifuate, kisha usome kifupisho kwa orodha ya nchi hiyo. Kama haikutajwa, linganisha msimbo, mji na mpangilio. Vikikubaliana, jaza nchi. Visipokubaliana, acha nafasi wazi umuulize mwenyewe, kwa sababu nafasi tupu huonekana na kufuatiliwa, lakini nchi iliyobahatishwa hufanana na iliyothibitishwa. Na kwa anayeandika bahasha, mstari wa mwisho uwe jina zima la nchi kwa herufi kubwa: KENYA, si KE.